Saa ya Kwanza ya Kichanga: Alama, Joto na Titi la Mama

Katika kadi ya kliniki ya mtoto, chini ya tarehe ya kuzaliwa na uzito, aghalabu huandikwa nambari mbili ndogo, moja ya dakika ya kwanza na nyingine ya dakika ya tano, na wazazi wengi huzisoma kama mwanafunzi asomavyo matokeo ya mtihani, wakifurahi kwa tisa na kusononeka kwa nne. Furaha hiyo na huzuni hiyo zote mbili hazina msingi wa kutosha, maana nambari hizo hazikubuniwa ili zitabiri akili wala siha ya mtoto atakapokuwa mtu mzima. Zilibuniwa ili ziseme kwa ufupi hali aliyokuwa nayo kichanga katika dakika zile, na jinsi alivyoitikia msaada aliopewa. Yaliyo muhimu zaidi kuliko nambari ni amali tatu zinazofuatana katika saa ya kwanza, nazo ni kumwezesha mtoto apumue, kumhifadhi joto lake, na kumfikisha kwenye titi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba amali hizo tatu kwa hakika ni kazi moja, na kwamba ikilegea mojawapo, nyingine mbili huharibika nayo.

Bibi Apgar na ishara tano

Kipimo chenyewe kilibuniwa mwaka 1952 na Bibi Virginia Apgar, tabibu wa nusukaputi katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, akakitangaza kwa maandishi mwaka 1953. Zama hizo macho ya waliokuwamo katika chumba cha kuzalia yalimwelekea mama zaidi, wala hapakuwa na lugha moja ya kumweleza mtoto. Mkunga mmoja aliweza kusema kwamba mtoto ni mzima, na mwenziwe akasema wa jana alikuwa mzima vilevile, ilhali hali za watoto hao wawili hazikufanana hata kidogo. Bibi Apgar alichagua ishara tano ambazo kila mtu mwenye macho, masikio na vidole aweza kuzipima pasipo chombo cha thamani, akaziamuru zipimwe sekunde 60 baada ya mtoto kutoka tumboni. Baadaye ikaongezwa dakika ya tano, na hivyo ndivyo kaida ilivyo hata leo.

Ishara ya kwanza ni mapigo ya moyo. Yakikosekana kabisa mtoto hupata sifuri, yakiwapo lakini hayafikii 100 kwa dakika hupata moja, na yakifika 100 au kuzidi hupata mbili. Mkunga asiye na chombo cha kusikilizia huyahisi kwa vidole viwili kwenye shina la kitovu, karibu na tumbo la mtoto, ambako damu hupiga dhahiri. Ya pili ni pumzi: asiyepumua ni sifuri, anayetweta kwa vipindi au kulia kwa unyonge ni moja, na anayelia kwa nguvu ni mbili. Ya tatu ni uthabiti wa viungo, kwa kuwa kichanga mzima hukunja mikono na miguu yake na kuirusha, na aliyedhoofika hulegea kama asiye na mfupa. Ya nne ni namna anavyoitika anapoguswa au kusuguliwa: kimya, au kukunja uso, au kulia na kupiga chafya. Ya tano ni rangi.

Juu ya rangi yafaa tusimame kidogo, maana kipimo hiki kilizaliwa mahali ambapo neno lililotumiwa kwa mtoto mzima lilikuwa waridi, na vichanga vyetu si vya waridi. Mkunga wa Pemba au wa Kisumu hatazami ngozi ya kifua peke yake. Huutazama ulimi, midomo na ufizi, kisha viganja na nyayo. Ulimi wenye wekundu hai ni ishara ya damu yenye hewa safi, na ulimi wa kibuluu ni hatari kwa mtoto wa kabila lolote. Viganja na nyayo, kwa upande wake, aghalabu hubaki na ubuluu kwa muda hata kwa mtoto asiye na taksiri, na ndiyo sababu watoto wengi wazima hupata tisa katika dakika ya kwanza wala hawapati kumi. Mama aliyeandikiwa tisa asidhani kwamba mwanawe amepungukiwa na kitu.

Jumla ya saba mpaka kumi huhesabiwa kuwa njema, nne mpaka sita ni ya kuangaliwa kwa makini, na chini ya hapo ni hali nzito. Dakika ya tano ikipita na alama hazijafika saba, hesabu hurudiwa kila dakika tano mpaka ya ishirini. Hata hivyo kipimo kina mipaka yake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia huwa na viungo vilegevu kwa kaida ya umri wake, si kwa kukosa hewa. Dawa kali za maumivu alizopewa mama kabla ya kujifungua huweza kumfanya mtoto asinzie. Na wapimaji wawili wanaomtazama mtoto mmoja kwa dakika moja huweza kuachana kwa alama moja au mbili. Kwa hiyo alama ndogo ya dakika ya kwanza peke yake si hukumu juu ya ubongo wa mtoto, na hata walio na alama ndogo katika dakika ya tano, wengi wao hukua salama.

Dakika isiyongoja hesabu

Kosa kubwa liwezalo kutendeka katika kutumia kipimo hiki ni kuzingoja alama ndipo msaada uanze. Alama hupimwa dakika ya kwanza inapotimia, lakini mtoto asiyepumua sharti awe amekwisha kuanza kupumulishwa kabla dakika hiyo haijaisha. Wanaofunza wakunga huiita Dakika ya Dhahabu. Ili jambo hili lieleweke, na tumfikirie mtoto mmoja wa mfano, ambaye hali yake tumeiunda kutokana na mambo yatukiayo mara kwa mara katika vituo vya afya vya mwambao.

Ni saa tisa ya usiku, katika majira ya kusi. Mama wa uzao wa pili amesukuma kwa muda mrefu, na mtoto wa kike ametoka na kitovu kimemzunguka shingoni mara moja. Mkunga amemfungua kitovu hicho, amemlaza juu ya tumbo la mama, na papo hapo ameshika kitambaa kikavu na kumkausha kwa nguvu ya kiasi: kichwa, mgongo, kifua na viungo. Kule kukausha kuna faida mbili, maana humwondolea maji yanayompoza na humwamsha apumue. Watoto walio wengi hulia katika hatua hiyo, na kwao mkunga hana la kufanya ila kuwaacha kifuani pa mama na kungoja dakika moja mpaka tatu ndipo akate kitovu, ili damu iliyomo katika kondo la nyuma iwafikie. Mtoto wetu hakulia. Amelegea, na kifua chake hakiinuki.

Mkunga anatazama kinywa na kuona ni safi, basi haingizi mpira wa kunyonya makamasi, kwa kuwa kunyonya pasipo haja huweza kuupunguza mwendo wa moyo na kuipoteza dakika yenyewe. Anamsugua mgongo mara mbili au tatu. Hapumui. Anafunga kitovu na kukikata, anamhamishia kwenye meza iliyo hatua mbili kutoka kitandani, anakiweka kichwa chake sawa, kisielekee kifuani wala kisipinduliwe nyuma mno, na anaufunika mdomo na pua kwa barakoa ya ule mfuko wa kupumulishia ambao wauguzi huuita ambu. Barakoa yapaswa kukamata kidevu, mdomo na pua bila kuyagusa macho. Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akiminya katika moja na kuachia katika mbili na tatu, mwendo ambao hutimiza takriban pumzi 40 kwa dakika. Hewa ya kawaida ya chumbani yatosha kuanzia.

Pumzi za mwanzo hazikuinua kifua. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, au huminya mara nyingi zaidi wakidhani wanafanya bidii, na hapa ndipo ujuzi hutambulikana: kifua kisipoinuka, hewa haikuingia, na kuongeza wingi wa pumzi zisizoingia hakumfai mtoto. Mkunga anairudisha barakoa mahali pake, anakiweka kichwa upya, anakifungua kinywa kidogo, na kuminya kwa nguvu zaidi. Kifua kinainuka. Saa ya ukutani inaonyesha dakika moja, na muuguzi wa pili, ambaye mikono yake ni huru, anahesabu alama: moyo unapiga kama 80, moja, anatweta kwa vipindi, moja, amekunja viungo kidogo, moja, amekunja uso aliposuguliwa, moja, midomo na ulimi ni vya buluu, sifuri. Jumla ni nne. Yule mwenye ambu hakugeuka kuisikia nambari hiyo, wala haikumhusu, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha kuanza.

Katika dakika ya tatu moyo unapita 100 na mtoto analia. Katika dakika ya tano moyo unapiga 140, analia kwa nguvu, amepiga chafya, mikono imekunjika ingawa hajaanza kuirusha, na nyayo zingali na ubuluu. Mbili, mbili, mbili, moja na moja hufanya nane. Kadi itaandikwa nne na nane, na yeyote ajuaye kusoma ataiona nafasi iliyo baina ya nambari hizo mbili, nafasi iliyojazwa na mkono wa mkunga.

Ushahidi wa thamani ya mkono huo upo hapa petu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufundisha wakunga kwa utaratibu huo wa kukausha, kusugua na kupumulisha ndani ya dakika moja, na utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za nchi hiyo, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo. Vifaa vilivyotumika vilikuwa kitambaa, mpira wa kunyonyea, ambu na mwanasesere wa kufanyia mazoezi.

Baridi katika nchi ya joto

Watu wa pwani hudhani baridi ni habari ya Njombe na Limuru, wala hawawi na hadhari nayo katika chumba ambamo wao wenyewe wanatoka jasho. Kichanga ametoka mahali penye joto la nyuzi 37 au kuzidi, naye ni maji matupu, ana ngozi nyembamba, na kichwa kikubwa kwa kulinganisha na mwili. Joto humtoka kwa njia nne: maji yanayokauka juu ya ngozi huondoka nalo, meza na mizani baridi hulinyonya anapozigusa, upepo wa dirisha au wa feni hulipeperusha, na hata kuta za baridi zilizo mbali naye hulivuta pasipo kumgusa. Mtu mzima akipigwa na baridi hutetemeka na kupata joto. Kichanga hatetemeki, bali huyachoma mafuta maalumu aliyowekewa katikati ya mabega na shingoni, na ili ayachome sharti atumie hewa na sukari ya damu kwa wingi. Ndivyo baridi inavyouharibu uzima wa mtoto pole pole: aliyepoa huishiwa na sukari, aliyeishiwa na sukari hulegea, aliyelegea hanyonyi, na asiyenyonya huzidi kupoa.

Shirika la Afya Duniani hushauri chumba cha kuzalia kisipungue nyuzi joto 25 za sentigredi, na joto la mtoto likipimwa kwapani liwe baina ya 36.5 na 37.5. Kutoka 36.0 mpaka 36.4 mtoto yu katika dhiki ya baridi. Chini ya 36.0 amepoa kwa hakika, na chini ya 32.0 ni hali ya kufisha. Pasipokuwa na kipimajoto, mkono hutoa habari ya kwanza: nyayo zikiwa baridi na tumbo likiwa na joto, baridi imeanza kumwingia, tumbo nalo likiwa baridi, mambo yamekwisha kuwa mazito.

Na turudi kwa mtoto wetu. Alipolia alirudishwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa kanga kavu. Nusu saa baadaye alipimwa akaonekana na nyuzi 36.1. Mkunga hakukimbilia taa wala chupa ya maji ya moto, ambayo imewaunguza vichanga wengi. Alitafuta sababu, akazikuta tatu. Kitambaa alichokaushiwa kwacho, kilichokwisha kulowa, kilikuwa kingali chini ya mgongo wake. Kichwa kilikuwa wazi. Na feni ya darini ilikuwa ikizunguka kwa kuwa mama alilalamika joto. Kitambaa kikaondolewa, kofia ya sufi ikavikwa, feni ikazimwa, na doti ya pili ya kanga ikaongezwa juu ya wote wawili. Kipimo cha nusu saa iliyofuata kilikuwa 36.8. Hakuna mashine iliyowashwa. Kifua cha mama chenyewe ndicho kilichofanya kazi hiyo.

Kuoga ni jambo la siku ya pili. Ushauri uliopo ni kungoja saa 24, na pale ambapo mila hairuhusu kungoja hivyo, zipite angalau saa sita. Ule utando mweupe wenye mafuta ulioko mwilini si uchafu. Huilinda ngozi na vijidudu na kuizuia isikauke, basi na uachwe ujinyonye wenyewe. Kadhalika kumpima uzito, kumchoma sindano ya vitamini K na kumpaka dawa ya macho vyaweza kungoja saa ya kwanza ipite, kwa kuwa hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho cha haraka kuliko joto na titi.

Faida ya ngozi kwa ngozi haikomi kwa watoto waliotimia. Utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ukatangazwa mwaka 2021, uliwachukua watoto wa uzito wa kilo 1.0 mpaka wasiofikia 1.8, ambao kwa desturi ya zamani walingojewa mpaka watulie ndipo wawekwe kifuani. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa walifariki wachache kuliko wenzao waliongojewa, upungufu wa takriban robo. Mama aliyezalishwa kwa upasuaji naye hakuzuiwa. Maadamu yu macho, mtoto aweza kulazwa kifuani pake, na akiwa bado katika usingizi wa dawa, kifua cha baba au cha bibi chafaa kwa muda huo.

Njia ya kwenda kwenye titi

Kichanga aliyeachwa kifuani bila kusumbuliwa hufuata taratibu yake mwenyewe. Kwanza hulia, kisha hutulia. Hufumbua macho, hupeleka mkono kinywani, hutoa ulimi na kulamba. Hugeuza kichwa huku na huku, hujisukuma kwa miguu kuielekea harufu ya chuchu, na aghalabu kabla ya saa kutimia hulikamata titi. Anayemwondoa katikati ya safari hiyo ili akampime uzito humrudisha mwanzo, na mara nyingi mtoto huyo hulala usingizi kabla hajanyonya. Aliyehitaji kupumulishwa, kama binti wa mfano wetu, huweza kukawia zaidi. Yeye alianza kulamba zilipopita dakika hamsini.

Kwa wakati huo bibi yake alikuwa ameingia na kikombe cha maji ya sukari na kijiko.

"Mwanangu," alimwambia mkunga, "mjukuu wangu ana kiu, na maziwa ya mamaye hayajashuka. Nimpe matone mawili tu."

"Shikamoo, bibi," alijibu mkunga. "Hebu sogea hapa utazame pamoja nami."

Akaweka kidole gumba na cha shahada pande mbili za lile duara jeusi lizungukalo chuchu, akasukuma nyuma kuelekea kifua, kisha akaviminya pamoja pasipo kuviteleza juu ya ngozi. Likatoka tone zito la manjano. Hiyo ndiyo dang'a. Ni chache, na uchache wake si upungufu, kwa kuwa tumbo la kichanga siku ya kwanza hulipokea kwa vijiko vidogo tu, na katika uchache huo mna kinga nyingi za maradhi na dawa ya kulilainisha tumbo litoe choo cheusi cha kwanza. Maji ya sukari au asali humshibisha mtoto pasipo kumlisha, humwondolea hamu ya titi, na huweza kumpelekea vijidudu katika tumbo lisilokuwa na kinga bado. Asali kwa mtoto asiyetimiza mwaka ni hatari ya peke yake. Kiu ya kichanga huzimwa na dang'a. Bibi aliweka kikombe chini, akakaa kitandani kumshikia mkwewe mto wa mgongoni, na huo ukawa msaada uliohitajika.

Wala mila ya kuadhini haipingani na haya. Baba Mwislamu aweza kumwadhinia mwanawe akiwa pale pale kifuani pa mama, akiinama karibu na sikio, bila mtoto kuinuliwa wala kufunuliwa.

Mama yule alipoliingiza titi mara ya kwanza alihisi maumivu makali, akataka kuvumilia. Maumivu hayo ni habari, si mtihani wa subira: maana yake mtoto ameshika chuchu tupu. Mkunga alipitisha kidole safi pembeni mwa kinywa ili aachie, kisha akamwelekeza upya. Tumbo la mtoto likabili tumbo la mama. Mkono wa mama ushike mabega wala usikisukume kisogo. Chuchu iguse mdomo wa juu mpaka kinywa kifunguke wazi, ndipo mtoto aletwe kwenye titi, si titi kupelekwa kwa mtoto. Dalili za kushika vizuri ni nne: kinywa kimepanuka, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kinaligusa titi, na sehemu ya lile duara jeusi ionekanayo juu ya kinywa ni kubwa kuliko ionekanayo chini. Mashavu huwa ya mviringo. Yakibonyea ndani, anafyonza chuchu. Safari hii mama hakuhisi uchungu, na mtoto alinyonya taratibu akipumzika na kuendelea.

Kunyonya huko kulimfaa mama naye, kwa sababu mtoto anyonyapo mwili wa mama hutoa kichocheo kinachoubana mfuko wa uzazi, na damu hupungua. Ikiwa mtoto hana nguvu za kunyonya, dang'a na ikamuliwe kwa vidole ndani ya kikombe safi na anyweshwe kwa kikombe hicho au kijiko, pasipo chupa. Na mama anayeishi na virusi vya ukimwi, maadamu anakunywa dawa zake kama inavyopasa na mwanawe anapewa dawa yake ya kinga, naye humnyonyesha.

Saa ikishatimia

Baada ya mnyonyo wa kwanza ndipo mtoto hukaguliwa mwili wote, kutoka utosini mpaka nyayoni, kando ya mama na chini ya macho yake. Katika saa mbili za mwanzo muuguzi hupita kila dakika 15 kutazama pumzi, rangi na joto. Pumzi zihesabiwe dakika nzima pasipo kukisia, maana kichanga hupumua kwa mapigo yasiyolingana. Kaida ni baina ya 30 na 60.

Mama na jamaa wanaomkalia nao wana macho, na wajue mambo ya kumwita muuguzi bila kungoja mzunguko wake: mtoto anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, anakoroma kila atoapo pumzi, au nyama za baina ya mbavu zinadidimia, ulimi umegeuka buluu, amelegea au hataki titi, kitovu kinatoa damu, amekuwa manjano katika siku ya kwanza, au joto limeshuka chini ya 35.5 au kupita 37.5. Mtoto aliyepumulishwa wakati wa kuzaliwa astahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa huweza kuchoka tena baada ya saa chache, na alama nane za dakika ya tano hazimwondolei haki hiyo.

Kwa hiyo ninyi mnaongoja nje ya chumba cha leba mkiwa na kanga mpya mikononi, ombeni kitu kimoja kabla ya kuomba kumwona mtoto: ombeni aachwe kifuani pa mama yake, mkavu, amevikwa kofia, mpaka amalize kunyonya. Na ninyi wasimamizi wa vituo, hakikisheni kwamba katika kila zamu ya usiku ambu ipo juu ya meza, imejaribiwa, na aliyepo zamuni ameitumia juu ya mwanasesere hivi karibuni. Mtoto asiyepumua hana dakika ya pili ya kumngojea mtu atafute ufunguo wa kabati.